Kulinganisha kadi mbili za grafiki usizozijua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mfano utakaotumika hapa toka juu hadi chini ni kadi mbili zinazokutana sana sokoni, hasa kwa anayetaka kuipa nguvu desktopu ya mtumba: Radeon RX 580 ya GB 8, iliyotoka Aprili 2017, na Radeon RX 6500 XT ya GB 4, iliyotoka Januari 2022. Tumezichagua kwa makusudi. Kwenye chati nyingi zinakaa jirani kabisa, lakini ukizichomeka kwenye kompyuta ya kawaida hazifanani hata kidogo.

Namba kubwa kwenye jina si ndiyo kadi yenye nguvu zaidi?

Hapana. Jina lina sehemu mbili: kizazi na daraja. Katika RX 580, tarakimu 5 ni kizazi na 8 ni daraja. Katika RX 6500 XT, 6 ni kizazi na 5 ni daraja. Kwa hiyo ya kwanza ni kadi ya daraja la kati ya mwaka 2017, na ya pili ni ya daraja la chini ya mwaka 2022. Miaka mitano ya maendeleo imeliwa karibu yote na kushuka daraja. Jina peke yake haliwezi kukuambia nani kamshinda mwenzake.

Wengine hukimbilia TFLOPS, yaani hesabu ya operesheni ambazo kadi inaweza kuzifanya kwa sekunde. Hiyo nayo inafaa tu ndani ya familia moja. GeForce RTX 3060 imeandikwa takriban TFLOPS 12.7 na RTX 2070 Super takriban 9.1, lakini kwenye gemu nyingi ni 2070 Super inayotangulia. Kizazi cha 3000 kilibadilishiwa namna ya kupanga vitengo vya hesabu, idadi ikapanda kwenye karatasi, gemu hazikunufaika kwa kiwango kilekile. Kadi za mfano wetu zina takriban 6.2 kwa RX 580 na 5.8 kwa RX 6500 XT, na namba hizo hazitabiri lolote kati ya mambo utakayoyaona chini.

Chati linganishi inasomwaje?

Kadi moja hupewa asilimia 100, zilizobaki hupimwa dhidi yake. Kabla ya kusoma kitu kingine chochote, tafuta nani amepewa hiyo 100, kwa sababu maana ya asilimia inabadilika kutegemea umesimama upande gani.

Tuseme kadi A ina 100 na kadi B ina 137. B ina kasi zaidi ya A kwa asilimia 37. Hapo wengi hugeuza wakasema A iko nyuma ya B kwa asilimia 37, na hapo ndipo wanapokosea. Gawanya 100 kwa 137, unapata 0.73. A iko nyuma kwa asilimia 27. Muuzaji akikwambia "tofauti ni thelathini na saba" na chati nyingine ikakuonyesha 27, huenda wote wawili wanasema kweli, ila wameanzia ncha tofauti.

Dawa ni moja: usitoe namba moja kwenye nyingine, gawanya. Chukua namba ya kadi unayoitaka, igawanye kwa namba ya kadi unayoilinganisha nayo. Jibu likiwa 1.20, ya kwanza inazidi kwa asilimia 20. Likiwa 0.80, iko nyuma kwa 20. Hesabu hiyo haijali nani alipewa 100.

Kadi zangu mbili haziko kwenye chati moja. Nifanyeje?

Tafuta kadi ya tatu iliyomo kwenye chati zote mbili, uitumie kama daraja la kuvukia. Tuseme chati ya zamani inaonyesha kadi yako X ina 64 na kadi ya daraja ina 100. Chati mpya inaonyesha kadi hiyohiyo ya daraja ina 82 na kadi Y ina 100. X dhidi ya daraja ni 0.64, daraja dhidi ya Y ni 0.82. Zidisha: 0.64 × 0.82 = 0.525. X inatoa takriban nusu ya Y.

Ila daraja lina masharti yake. Chati zote mbili ziwe za ukubwa uleule wa picha, yaani 1920×1080 kwa 1920×1080, si moja ya 1080 na nyingine ya 2160. Kadi ya daraja iwe toleo lilelile kwa jina na kwa kumbukumbu. Na daraja liwe moja tu. Kila chati ina kosa lake dogo, na ukizidisha, makosa nayo yanazidishana. Ukipita madaraja mawili, jibu linalosema "kasi zaidi kwa asilimia 8" huwezi kuliamini, linaweza hata kugeuka upande.

Wastani wa gemu zote hupatikanaje, na kwa nini tovuti mbili hutoa mshindi tofauti kwa vipimo vilevile?

Kwa sababu kuna wastani wa aina zaidi ya moja. Tazama gemu tatu, kwa fremu kwa sekunde. Kadi A inapata 300, 60 na 40. Kadi B inapata 200, 75 na 50.

Ukijumlisha na kugawanya kwa tatu, A ina wastani wa 133 na B ina 108. A anaonekana kushinda kwa asilimia 23. Lakini angalia tena: B ameshinda gemu mbili kati ya tatu, tena zile nzito ambako kila fremu ina thamani. Gemu moja nyepesi inayokimbia kwa mamia ya fremu imemeza nyingine zote.

Wastani wa kijiometri huzuia hilo. Unazidisha namba tatu, kisha unatafuta kipeuo cha tatu cha jibu. Kwa A, 300 × 60 × 40 ni 720,000, na kipeuo chake cha tatu ni karibu 89.6. Kwa B, 200 × 75 × 50 ni 750,000, na kipeuo ni karibu 90.9. Sasa B yuko mbele kwa asilimia 1.4, yaani sare. Hakuna kipimo hata kimoja kilichobadilika.

Kwa hiyo chati inayosema wazi kuwa imetumia wastani wa kijiometri ipe uzito zaidi. Isiposema, fungua orodha ya gemu uone kama kuna moja au mbili zenye fremu 300 au 400. Zikiwepo, wastani wa kawaida tayari umeinamia upande wao.

Alama za PassMark na 3DMark nazo ni asilimia?

Hapana, ni pointi, na kila programu ina pointi zake. PassMark huendesha majaribio ya DirectX ya vizazi kadhaa pamoja na hesabu za GPU, halafu alama inayochapishwa kwa kila kadi ni wastani wa matokeo yaliyotumwa na watumiaji wenyewe. Humo mna kompyuta zilizojaa vumbi, kadi zilizoongezwa kasi, prosesa dhaifu na zenye nguvu. Kadi yenye maelfu ya matokeo ina wastani uliotulia. Yenye matokeo machache inaweza kupanda au kushuka kwa sababu ya watu wachache tu, kwa hiyo tazama pia idadi ya sampuli inapoonyeshwa.

Kwenye 3DMark kuna mtego mwingine. Jaribio la Time Spy hutoa alama ya jumla, na alama hiyo imechanganya kadi na prosesa: kadi ina uzito wa asilimia 85, prosesa 15. Unapolinganisha kadi, chukua mstari ulioandikwa `Graphics score` na uache alama ya jumla. Na usilinganishe Time Spy na Fire Strike. Ya kwanza ni ya DirectX 12 kwa picha ya 2560×1440, ya pili ni ya DirectX 11 kwa 1920×1080. Ni sawa na kulinganisha mbio za mita 100 na za mita 1,500.

Tofauti ya asilimia ngapi ndiyo ya kuijali?

Chini ya asilimia 5 ihesabu kuwa sare. Toleo moja la draiva au feni bora zaidi inatosha kuipindua. Asilimia 10 inapimika, lakini machoni ni ngumu: fremu 60 kuwa 66. Kuanzia 25 au 30 ndipo unapoweza kupandisha ubora wa picha hatua moja bila kupoteza ulaini.

Kuna kanuni hapa ambayo ni maoni yetu, lakini imesimama vizuri. Kadi zikiachana kwa zaidi ya asilimia 40, amini chati na umalize kazi. Zikiwa ndani ya 15, chati imemaliza kazi yake bila kukupa jibu, na uamuzi uko kwenye mambo ambayo chati haiyapimi.

RX 580 na RX 6500 XT ziko karibu sawa kwenye chati. Ni nini kimefichika?

Anza na njia za PCIe, yaani mfereji wa data kati ya kadi na kompyuta. RX 580 inazungumza na madabodi kwa njia 16 za PCIe 3.0, takriban GB 16 kwa sekunde. RX 6500 XT ina njia 4 tu, za PCIe 4.0, takriban GB 8 kwa sekunde. Ukiichomeka kwenye madabodi ya PCIe 3.0, njia hubaki nne zilezile lakini kila moja inapitisha nusu: GB 4 kwa sekunde. Sloti ndefu haisaidii, kwani njia kumi na mbili zilizobaki hazijaunganishwa kwenye kadi.

Hilo lingekuwa dogo kama kumbukumbu ingetosha. Tatizo ni kwamba ina GB 4. Gemu ikitaka GB 5, ile moja iliyozidi hukaa kwenye RAM ya kompyuta, na kila inapohitajika hupita kwenye ule mfereji mwembamba. Dalili yake huijui kwa wastani wa fremu. Picha inakwenda vizuri, inakwama nusu sekunde ukigeuka kona, inaendelea. Wakati mwingine haikwami ila kuta na sura za watu zinabaki na ukungu, kwa sababu gemu imeamua kupakia picha za ubora wa chini, na fremu zinaonekana nzuri tu kwenye kaunta. RX 580 ya GB 8 mahali hapohapo haina habari.

Sasa jiulize chati ilipimwa wapi. Wapimaji hutumia kompyuta ya majaribio ya kisasa, yenye PCIe 4.0 au zaidi. Wewe una nini? Desktopu za ofisini za mtumba zinazouzwa Nairobi na Dar es Salaam, zenye prosesa za Intel za kizazi cha 4 hadi cha 10, hazizidi PCIe 3.0. Intel za desktopu zilianza PCIe 4.0 kwenye kizazi cha 11. Kwa upande wa AMD, Ryzen 5 5600G ni ya 3.0 hata ukiiweka kwenye madabodi ya B550. Kwa hiyo namba ya RX 6500 XT uliyoisoma si ya kompyuta yako. Tafuta jaribio lililoipima kwa PCIe 3.0 waziwazi, na usome gemu moja moja: zile nyepesi zinapungua kidogo, zinazojaza kumbukumbu zinaporomoka.

Hadi hapa RX 580 inaonekana mshindi. Geuza upande wa umeme. RX 580 imepangiwa wati 185 na kwa kawaida inataka plagi ya pini 8. RX 6500 XT ni wati 107, na nyingi zinatosheka na pini 6. Pawasaplai nyingi za desktopu za ofisini hazina plagi hizo kabisa. Hapo watu hununua adapta ya kutoka plagi ya SATA kwenda pini 8, nayo ni hatari ya kweli: plagi ya SATA imepangiwa takriban wati 54 kwenye volti 12, wakati pini 8 inaruhusiwa kuvuta hadi 150. Plastiki inayeyuka. Kama bei ya RX 580 inakulazimu kununua na pawasaplai, iongeze kwenye hesabu kabla ya kusema ni rahisi.

Chati ilipimwa kwa prosesa kali. Yangu ni ya zamani. Inabadilisha nini?

Inaweka dari. Tuseme kwenye chati kadi A inatoa fremu 90 na B inatoa 120 katika gemu fulani. Kama prosesa yako inaweza kuandaa fremu 70 tu kwa sekunde, kadi zote mbili zitakupa 70, na pesa ya ziada uliyoilipia B imelala.

Dari yako unaweza kuipima leo, kwa kadi uliyonayo. Fungua gemu unayoicheza, shusha ukubwa wa picha hadi 1280×720 na ubora hadi chini, kisha soma fremu mahali penye shughuli nyingi. Namba utakayoiona iko karibu na dari ya prosesa. Ikiwa umeshusha kila kitu na fremu hazikuongezeka, kadi siyo inayokubana.

Jambo hilihili huzibana chati zenyewe. Kadi za juu kabisa zikipimwa kwa 1920×1080 huonekana kukaribiana kuliko zilivyo, kwa kuwa zote zinagonga dari ya prosesa. Ukizitazama kwa 3840×2160 zinaachana. Kadi dhaifu zina shida ya upande wa pili: kwa 3840×2160 zote zinatoa fremu 15 au 20, na kusema moja inaishinda nyingine kwa asilimia 30 hapo hakumsaidii mtu.

Ukurasa wa kadi umeandika "Performance estimated based on architecture, shader count and clocks." Maana yake nini?

Maneno hayo yanaonekana kwenye hifadhidata ya TechPowerUp chini ya chati ya kadi nyingi. Maana yake ni kwamba kadi hiyo haikupimwa. Nafasi yake imekadiriwa kwa muundo wa chipu, idadi ya vitengo na kasi. Kadi iliyopimwa hutaja kuwa namba inatokana na data za majaribio yao. Makadirio hayo ni ya busara, lakini hayajui kuhusu njia nne za PCIe wala kumbukumbu iliyojaa. Yatumie kuchuja orodha ya kadi kumi zibaki mbili. Yasiamue kati ya hizo mbili.

Kadi mbili zenye jina moja zinaweza kuwa tofauti?

Ndiyo, na hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Kuna RX 580 2048SP, iliyoanzia soko la China mwaka 2018. RX 580 kamili ina vitengo 2304, hii ina 2048, sawa na RX 570. Boksi linaweza kuandika RX 580 kwa herufi kubwa na zile za 2048SP zisionekane popote. GTX 1060 ya GB 3 si ile ya GB 6 iliyopunguzwa kumbukumbu tu, imepunguzwa na vitengo pia: 1152 badala ya 1280. Mbaya kuliko zote ni GT 1030. Yenye GDDR5 inasoma kumbukumbu kwa GB 48 kwa sekunde, yenye DDR4 kwa takriban 17. Jina lilelile, theluthi moja ya upana. Alama za watumiaji zikiwa zimechanganya matoleo mawili chini ya jina moja, wastani unaoonyeshwa si wa kadi yoyote iliyopo duniani.

Chati inaonyesha nani ataishi zaidi?

Haionyeshi. Inajumlisha gemu za siku ilipotengenezwa. RX 580 haina vifaa vya kufuatilia miale ya mwanga, na gemu kama Indiana Jones and the Great Circle, iliyotoka Desemba 2024, inavihitaji ndipo ifunguke. RX 6500 XT inavyo, ila gemu hiyo inataka na GB 8 za kumbukumbu. Moja imekosa kifaa, nyingine imekosa nafasi.

Kwa kazi za video nako alama ya gemu haina la kusema. RX 6500 XT imekatwa sehemu ya kusimba H.264 na H.265, hivyo kurekodi skrini au kutoa video kunarudi kwa prosesa. RX 580 inayo. Anayehariri video za harusi na anayecheza gemu wakitumia chati moja, mmoja wao atajuta.

Nimechagua. Dukani nihakikishe vipi kwamba kadi ndiyo yenyewe?

Nenda na programu ya GPU-Z kwenye flashi. Ifungue, soma `Shaders`: RX 580 kamili iseme 2304. Soma `Memory Size` na `Bus Width`: 8192 MB na 256 bit. Kwa kadi za NVIDIA zilizobadilishwa jina, programu hiyo huandika `[FAKE]` mbele ya jina. Kisha angalia `Bus Interface`. Kilicho kabla ya alama ya @ ni uwezo wa kadi, kilicho baada yake ni kinachotumika sasa hivi. Kadi ikiwa imepumzika hushusha kasi ya njia, basi bonyeza alama ya kuuliza iliyo pembeni uanzishe jaribio dogo ndipo usome. Kwa NVIDIA unaweza pia kuuliza kwa amri:

```
nvidia-smi --query-gpu=name,memory.total,pcie.link.gen.max,pcie.link.width.max --format=csv
```

Halafu endesha jaribio la Superposition ya Unigine kwa `1080p High` mara tatu mfululizo bila kupumzisha kadi. Kadi nyingi za RX 580 zimetoka kuchimba sarafu za kidijitali, feni zimechoka na pasta ya joto imekauka. Alama ya tatu ikiwa chini ya ya kwanza kwa zaidi ya asilimia chache, kadi inajipunguzia kasi kwa joto. Ukiona vidoti vya rangi au vipande vya mraba vinavyorukaruka kwenye picha, hiyo ni kumbukumbu inayokufa, na muuzaji akisema ni draiva, mwambie abadilishe draiva ukiwa umekaa hapohapo, pesa ikiwa bado mfukoni mwako.